Kampeni za chanjo: barua ya «pongezi kwa wote» haimpongezi mtu

Kila mara kampeni ya chanjo ya polio inapomalizika katika zoni zetu za afya, barua-pepe moja hufika siku mbili tatu baadaye. Inatoka kwenye biro ya zoni, ama kwa mshirika aliyelipa mafuta na primu. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri, na aliyewahi kusoma moja amezisoma zote: shukrani kwa ekipe nzima, kwa moyo wa kujitoa, kwa matokeo makubwa, tuendelee vile vile. Chini yake wanapanga mstari watu kumi na tano waliobonyeza «Répondre à tous» ili waandike «Félicitations», na mega za kila mmoja zinaishia hapo.

Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa karibu na biro za namna hiyo, na maoni yangu ni kwamba barua hiyo ni bora isitumwe. Si kwamba ina adabu mbaya. Shida ni kwamba haisemi kitu, na pale isiposema kitu, nafasi iliyobaki wazi inajazwa na wale walio juu. Ripoti ya mwezi inakuja, jina linaloonekana ni la msimamizi na la mshirika. Kampeni inayofuata inakuja, orodha ya watu wa kuitwa inatengenezwa upya, na yule mama aliyejua nyumba zote za bandarini anakuta nafasi yake imechukuliwa na kijana ambaye ni jamaa ya mtu. Akienda kulalamika ataonyesha nini? Hakuna karatasi hata moja yenye kusema alifanya kitu gani.

Barua inayomtaja kila mtu kwa jambo alilofanya ni kazi nyingine kabisa. Inachukua saa mbili za kuandika, na inadai ukusanyaji unaoanza jioni ya siku ya kwanza. Nitaeleza kwa mfano. Mfano huu nimeupanga mwenyewe, lakini yeyote aliyezunguka na sanduku la chanjo begani atajua kila kipande chake.

Tuchukue eneo moja la afya kando ya Ziwa Kivu. Lina bandari ndogo, soko, na vijiji vilivyo juu kilimani. Kampeni ni ya siku tatu, nyumba kwa nyumba, kwa watoto wote ambao hawajatimiza miaka mitano. Kila ekipe ina mchanjaji anayetia matone mawili kinywani, mwandishi anayepiga vijiti kwenye fishi, na reko, yaani mtu wa kartie anayejua nyumba na kubisha mlango. Mtoto akipata chanjo, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kinapakwa wino. Nyumba inaandikwa kwa chaki. Mtoto asiyekuwepo anaandikwa pia, ili ekipe irudi. Jioni wote wanakutana kwenye kituo cha afya, wanarudisha chupa na fishi, wanahesabu.

Sasa, kampeni imekwisha. Mwenye kuandika barua ana kishawishi kimoja kikubwa: kuanza na asilimia. «Tumefikia asilimia 104!» Ndiyo tarakimu inayopendwa kuliko zote katika barua za pongezi, na ndiyo tarakimu ninayoiamini kidogo kuliko zote. Kongo haijafanya hesabu kuu ya wakaaji tangu mwaka 1984. Idadi ya watoto wanaolengwa ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na huku kwetu watu wamehama vita, wamerudi, wamehama tena. Ukipata zaidi ya mia kwa mia, maana yake ni kwamba kigawanyo chako ni kibaya, ama watoto wa eneo jirani walikuja sokoni, ama fishi zilijazwa chini ya mti. Haina maana kwamba hakuna mtoto aliyeachwa.

Tena asilimia haina mwenyewe. Huwezi kumwambia mtu «asilimia 104 ni yako». Lakini ukianza na watoto waliokosekana, kila mtoto aliyepatikana ana mtu aliyempata, na mtu huyo alikuwa na njia yake ya kumpata. Kwa hiyo katika mfano wetu barua haianzi na jumla. Inaanza na watoto 58. Hii hapa, na mahali nilipoandika kazi ya mtu, kwenye barua ya kweli panakaa jina lake kamili:

«Ndugu wapendwa,

Siku ya kwanza na ya pili tuliandika watoto 58 waliokosekana nyumbani. Jana jioni 47 kati yao walikuwa wamekwisha kupata matone. Wamebaki 11, orodha yao iko kwa mwuguzi mkuu wa kituo. Tulifika hapo kwa njia hii.

Mwandishi wa ekipe ya 3 aliandika watoto 34 waliokosekana kwenye avenyu moja tu, ile ya bandarini. Ilikuwa rahisi kuandika wachache, maana avenyu nyingine zilikuwa na wawili au watatu. Aliandika wote, na jioni alisimama kusema kwamba avenyu ile haifanani na nyingine.

Mama reko wa bandari ndiye aliyetueleza sababu. Akina mama wa pale wanatoka na sambaza saa kumi na moja ya asubuhi na kurudi saa kumi na moja ya jioni, watoto wadogo wakiwa mgongoni. Alipendekeza ekipe isirudi nyumbani kwao asubuhi bali iwangojee mahali pirogi zinapofika. Jioni moja tu, watoto 29 kati ya wale 34 walipatikana.

Kazi ya jioni ilihitaji pakiti za barafu ambazo hazikuwepo, kwa sababu zile zilizotumiwa asubuhi zilikuwa zimeyeyuka. Mtunza chanjo alikuwa ameliona hilo tangu siku moja kabla. Alimwomba mama muuza samaki wa sokoni nafasi katika friza yake, akagandisha pakiti za ziada huko. Hakuna chupa hata moja iliyotupwa kwa ajili ya joto. Mama huyo wa samaki si mfanyakazi wetu, na tunamshukuru kwa jina.

Siku ya pili mvua ilijaza mto wa njia ya kilimani. Motari wetu alisimama, hakuvuka. Alipiga simu, ekipe ya ng’ambo ikashuka kwa mguu hadi kwenye daraja la miti na kupokea sanduku. Tulichelewa saa moja, na kila mtu alirudi nyumbani.

Mwenye kushika data aligundua kwamba ekipe ya 2 na ya 5 zilihesabu avenyu moja ya mpakani mara mbili. Aliondoa watoto 61 kwenye jumla. Hesabu tunayotuma leo ni ndogo kuliko ile ya jana, na ndiyo ya kweli.

Watoto wengine 18 walipatikana nyumba kwa nyumba, siku ya tatu, na ekipe ya 1 na ya 4, ambazo zilirudi kwenye kila mlango uliokuwa na alama ya chaki. Mpangilio wa majina uko chini, pamoja na avenyu za kila mmoja.»

Hiyo ndiyo barua yote. Hakuna «moyo wa kujitoa», hakuna «mashujaa». Anayeisoma anajua nini kilitokea, na kama ataongoza kampeni ijayo bandarini, anajua saa ya kwenda. Hilo ni jambo ambalo barua ya jumla inalipoteza kabisa: ujuzi wa mama reko ungebaki kichwani mwake, naye angeondoka nao siku asipoitwa tena.

Nataka nikae kidogo juu ya mtunza chanjo, kwa maana ndiye anayesahauliwa mara nyingi kuliko wote, na sababu ya kumsahau ni ya kueleweka. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna kinachoonekana. Chanjo ya polio ya matone haivumilii joto. Kila chupa ina alama ndogo juu yake, duara lenye mraba ndani, ile ambayo wauguzi wanaita pastiye. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Kadiri joto linavyoipiga, mraba unaingia weusi, na ukifanana na duara ama ukipita, chupa inatupwa hata kama ilikuwa haijafunguliwa. Chanjo za polio ndizo zilizokuwa za kwanza kuwekewa alama hiyo, mwaka 1996. Jioni ya kampeni, chupa zikirudi na mraba mweupe, hakuna anayepiga makofi. Watu wanasema «sawa» na kwenda kula.

Lakini kuganda kwa pakiti za barafu si jambo la saa moja. Friji ya kituo ikiwa ndogo, pakiti zinaweza kuchukua siku nzima na usiku wake, na ukizifungulia mlango kila mara, hazigandi kabisa. Ekipe sita zenye masanduku sita, kila sanduku na pakiti zake, ndiyo kusema zinahitajika seti mbili: moja iko njiani, nyingine inaganda. Mtu anayekaa chini kabla ya kampeni na kufanya hesabu hiyo, akaona haitoshi, akaenda kubisha kwa muuza samaki, ameokoa kazi ya jioni ambayo mama reko alipendekeza. Bila yeye, pendekezo lile lingebaki maneno. Kwa sababu hiyo kwenye barua wawili hao wanafuatana; si kwa heshima ya cheo, ni kwa sababu kazi ya mmoja ilibeba ya mwingine.

Unajuaje, wewe unayeandika, kwamba alifanya hivyo? Hapa ndipo barua nyingi zinapokufa. Msimamizi amerudi mjini, anafungua mashine siku ya nne, anakumbuka tu wale waliosema sana kwenye mkutano. Wanaosema sana si lazima wawe waliofanya. Ninachoshauri ni kidogo sana: katika mkutano wa jioni, baada ya hesabu ya chupa na fishi, muulize kila mtu swali moja, «Leo nani alikusaidia, na kwa jambo gani?» Usiulize «wewe ulifanya nini», kwa kuwa hapo wanyenyekevu wananyamaza na wasemaji wanapanda. Ukiuliza nani alikusaidia, mwandishi wa ekipe ya 3 atamtaja mama reko, mama reko atataja pakiti za barafu, na mtunza chanjo mwenyewe atamtaja mama wa samaki. Andika mistari miwili kwa daftari. Siku tatu, watu ishirini: unapata kurasa chache, na barua yako karibu imekwisha kujiandika.

Daftari peke yake halitoshi. Linganisha na karatasi zilizopo. Fishi ya ekipe ya 3 inaonyesha kweli 34? Karatasi ya joto la friji, ile inayojazwa asubuhi na jioni, imejazwa? Chupa zilizorudi ni ngapi? Kusifu mtu kwa jambo ambalo fishi inalikana ni kumwaibisha mbele ya wenzake, kwa sababu wao wanajua. Kisha kabla ya kutuma, mpigie kila mmoja simu ama mpitie: «Nimeandika hivi juu yako, ni kweli?» Mara nyingi atakwambia, «Papa, hapana, mimi sikuwa peke yangu, tulikuwa na mama fulani wa jirani.» Huyo mama fulani anaingia kwenye barua.

Na majina yaandikwe sawa. Sisi Wakongomani tuna jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na si jambo dogo mtu kuona la nyuma limekatwa ama herufi mbili zimegeuzwa. Primu zenyewe zinakwama kwenye telefoni kwa kosa la namna hiyo: jina kwenye orodha halifanani na jina kwenye akaunti. Nakili majina kutoka kwenye orodha ya malipo iliyokwisha kusahihishwa, usiandike kwa kusikia.

Sasa niseme juu ya motari. Nimeandika makusudi kwamba alisimama. Katika barua nyingi nilizosoma, ikiwa dereva ama motari anatajwa kabisa, anatajwa kwa kuvuka mto uliofurika, kwa kuendesha usiku, kwa kupita mahali ambapo wengine waliogopa. Wakubwa wanapenda hadithi hiyo. Lakini kila sifa inayotumwa kwa maandishi ni amri ya chini chini kwa wengine: fanyeni hivi nanyi mtatajwa. Ukimsifu aliyevuka, kampeni ijayo wawili watavuka, na siku moja mmoja hatafika ng’ambo. Yule aliyejua kusimama, akapiga simu, akatafuta njia nyingine ya kufikisha sanduku, alifanya kazi ngumu zaidi, maana alijua atachelewa na ataulizwa.

Ni vile vile kwa hesabu. Kama unaandika «ekipe ya 4 ilichanja watoto wengi kuliko zote», umeharibu mambo mawili kwa mstari mmoja. Kwanza, huenda ekipe ya 4 ilipewa soko na ekipe ya 6 ilipewa kilima, ambapo kutoka nyumba moja hadi nyingine ni dakika ishirini za kupanda. Kulinganisha hizo mbili ni kuwadhulumu walioenda mbali. Pili, umewafundisha waandishi wote kwamba vijiti vingi ndivyo vinavyoleta sifa. Kupiga vijiti vya ziada kwenye fishi kunachukua sekunde tano, na kumwaga matone chini ili chupa ilingane na fishi kunachukua sekunde kumi. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba mambo hayo hutokea. Basi namsifu yule aliyeandika 34 waliokosekana, na yule aliyeondoa 61 kwenye jumla. Msimamizi anayetaka kujua kama watu wake wanamwambia ukweli, aangalie kama kuna mtu amewahi kupongezwa kwa kuleta habari isiyopendeza.

Kuna wasomaji watakaoniambia: na yule ambaye hakufanya jambo lolote la pekee? Katika ekipe ya watu ishirini wako kumi waliofanya kazi yao tu, sawasawa, bila kisa. Jibu langu ni kwamba kazi iliyofanywa sawasawa ina mambo yake ya pekee, ila ni ya kimya. «Alizunguka avenyu nne siku zote tatu, na tulipokagua vidole sokoni siku ya mwisho, hatukukuta mtoto wa avenyu zake asiye na wino.» Huo ni mstari wa kweli, unaweza kukaguliwa, na mtu anaweza kuuonyesha mtoto wake. Usimpe tu kivumishi. «Mwenye bidii» haionyeshi kwamba ulimwona. Avenyu nne na vidole vyenye wino vinaonyesha.

Na aliyefanya vibaya? Huyo hakai kwenye barua hii. Mwite, ongea naye. Nilishaona barua moja ya pongezi, ya ofisi nisiyoitaja, iliyomaliza kwa aya ya «hata hivyo», na hapo wawili walitajwa kwa kuchelewa. Kwa wiki nzima watu walizungumza juu ya hao wawili tu. Waliosifiwa walisahauliwa kwa siku moja.

Sasa kuna jambo ambalo katika sehemu zetu lina uzito kuliko mahali pengine, nalo ni usalama. Si kila jambo jema linafaa kuandikwa na jina la mtu. Katika mfano wetu kulikuwa pia na nyumba 9 zilizokataa chanjo, na 6 zilikubali baada ya mazungumzo ya usiku. Mimi mwenyewe nimeliacha hilo nje ya barua, na si kwa kusahau. Tunakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 munganga Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyekuwa anafanya kazi na OMS, aliuawa Butembo. Wenyeji waliosaidia ekipe kuingia kartie waliitwa wasaliti. Barua-pepe haikai mahali unapoituma. Inapigwa picha, inapita kwenye simu, kesho iko mikononi mwa mtu usiyemjua, ikiwa na jina la aliyewashawishi majirani zake na avenyu anayokaa.

Kwa hiyo aliyefanya kazi ya aina hiyo, muulize mwenyewe: unataka jina lako liandikwe, ama nikushukuru pembeni? Akisema pembeni, mwandikie barua yake peke yake, yenye maelezo yale yale, anayoweza kuitunza. Na jina la familia iliyokataa halina nafasi mahali popote, wala avenyu yake, hata ikiwa ilikubali mwishoni.

Suala la nani apokee. Sanduku la «À» ni la wale wanaotajwa, wote. «Cc» ni ya munganga mkuu wa zoni, mshirika aliyelipa, na mtu anayetengeneza orodha za kampeni ijayo. Huyo wa mwisho ndiye muhimu kuliko munganga mkuu, na watu wanamsahau. Akiwa na barua mbele yake inayosema mama reko fulani alipata watoto 29 kwa jioni moja, itamlazimu atoe sababu ya kumwondoa. Bila barua hatoi sababu yoyote. «Cci» mimi siitumii kwa barua ya namna hii. Sifa inayosomwa na mtu aliyefichwa inafanana na upelelezi. Na kwa wakubwa wetu ombi dogo: kama unataka kujibu, usibonyeze «Répondre à tous» kuandika neno moja. Mpigie mmoja wa waliotajwa, umuulize alifanyaje.

Je, aliyeandika ajitaje? Mara nyingi hana haja. Kila mstari unaonyesha kwamba alikuwepo na alisikiliza. Nilishasoma barua ambayo kila sentensi ilianza na «chini ya uongozi wangu». Sidhani hata mmoja wa ekipe aliifikia aya ya pili.

Tumebaki na ugumu mkubwa kuliko yote, ambao wanaotoa mafunzo mjini hawaufikirii: wengi wa waliotajwa hawana barua-pepe. Mama reko ana telefoni ndogo ya vibonyezo. Motari ana ya kugusa, lakini mega anaweka siku za sherehe. Mama wa samaki hata hajui kama kuna barua. Na Kifaransa cha biro kinawafikia nusu nusu. Ukituma kwa wenye anwani tu, umewapongeza watu mbele ya wakubwa wao huku wao wenyewe hawajui. Hapo barua inakuwa tena mali ya wale wa juu, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Basi iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kama mshirika anataka Kifaransa, kiwekwe chini, yeye ndiye wa kutelemka na kidole. Siku ile ile itolewe kwenye karatasi, mbili: moja ibandikwe ukutani kwenye kituo cha afya, pembeni ya kalenda ya chanjo ambapo akina mama wanangojea zamu, na nyingine isomwe kwa sauti siku ya kulipa primu, wakati wote wapo na kabla pesa hazijatoka. Nasema kabla, kwa sababu baada ya pesa hakuna anayebaki. Mwuguzi mkuu asome polepole, na kila jina likisomwa, mwenyewe asimame kama anataka.

Kwa wasiofika, mesaji ya telefoni inatosha, na haihitaji mega. Ya mama wa samaki ingekuwa fupi hivi: «Mama, friza yako iligandisha barafu ya kazi ya jioni bandarini. Watoto 29 walipata chanjo ya polio jioni ile. Jina lako liko kwenye barua iliyobandikwa kituoni, ukutani, upande wa kuingilia. Asante, mwuguzi mkuu.» Kama anasoma Mashi kuliko Kiswahili, iandikwe kwa Mashi. Kama hasomi kabisa, mtoto wa shule atamsomea, na hapo sokoni wote watasikia.